Matukio Matatu Yanatosha: Hotuba ya Kumpendekeza Mfanyakazi Bora

Hotuba ya kumpendekeza mfanyakazi bora ni maelezo mafupi anayoyatoa mtumishi mbele ya wenzake ili kuwaonyesha kwa nini mmoja wao anastahili tuzo. Nchini Tanzania hotuba za namna hii husikika zaidi katika wiki za kuelekea Mei Mosi, Sikukuu ya Wafanyakazi, ambapo ofisi za serikali, shule, hospitali, mashirika na viwanda huwapa wafanyakazi wao bora vyeti na zawadi. Utaratibu hutofautiana mahali na mahali. Kwa kawaida idara au kitengo hukaa kikao chake, hupokea majina, husikiliza sababu, kisha hupiga kura ya siri au ya kunyoosha mikono. Mahali pengine majina ya idara zote hupelekwa kwenye kamati ndogo inayomchagua mmoja wa taasisi nzima.

Katika kikao cha namna hiyo mpendekezaji hupata dakika tatu, pengine tano. Muda huo mwingi hupotea kwa sifa zilizozoeleka: mchapakazi, mwadilifu, mwenye ushirikiano, anayewahi kazini. Huenda sifa hizo zote ni za kweli, lakini hazimsaidii mpiga kura kumtofautisha mtu na mtu, kwa kuwa kila anayependekezwa husifiwa hivyo hivyo. Kinachomtofautisha ni matukio. Jambo fulani lilikuwapo, akalishughulikia kwa namna fulani, hali ikabadilika. Matukio matatu mafupi yakichaguliwa vizuri yanatosha kuijaza hotuba nzima.

Tathmini inaishia wapi, hotuba inaanzia wapi

Watumishi wa umma Tanzania tayari hupimwa utendaji wao. Kuanzia mwaka 2004 ulitumika Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, unaojulikana kwa kifupi chake OPRAS. Baadaye nafasi yake ikachukuliwa na PEPMIS, mfumo wa kielektroniki ambamo mtumishi huingiza majukumu yake na utekelezaji wake, na msimamizi wake huyapitia. Mifumo hiyo huonyesha kama malengo yaliyopangwa yamefikiwa.

Hotuba haina sababu ya kurudia alama hizo. Kama kikao kingekuwa kinatafuta mwenye alama nyingi, kingesoma orodha na kufunga mjadala. Hotuba hueleza yale ambayo fomu haina nafasi ya kuyaeleza: kazi ilifanywaje, ilikuwa na ugumu gani, na ilimfikia nani. Watumishi wawili wanaweza kuandikiwa kwamba wametimiza lengo la kusajili barua zote zilizoingia. Ni tukio linaloonyesha kwamba mmoja alisajili na kuishia hapo, na mwingine alisajili kisha akafuatilia mpaka mwananchi akapata jibu.

Hapa ndipo methali isemayo kizuri chajiuza inapofikia mpaka wake. Kazi ya mwalimu aliyefaulisha darasa huonekana kwenye matokeo ya mtihani, na kazi ya fundi aliyekarabati jengo huonekana na kila apitaye. Lakini ofisini zipo kazi nyingi ambazo zikifanywa vizuri hakuna anayeziona, kama utunzaji wa kumbukumbu, usafi wa vyombo vya hospitali, ulinzi wa usiku na utunzaji wa stoo. Wafanyao kazi hizo hupata tuzo pale tu anapojitokeza mtu wa kuzieleza.

Kwa nini matatu, na yawe ya namna gani

Tukio moja laweza kuwa bahati. Matukio mawili mara nyingi huwa ni sifa ile ile iliyosemwa mara mbili. Yakifika matano au sita, msikilizaji huanza kuyasahau ya mwanzo kabla hajayasikia ya mwisho. Matatu yanakumbukika, na yanatosha kujibu maswali matatu tofauti ambayo mpiga kura makini hujiuliza.

Swali la kwanza ni la kazi ya kila siku: je, jukumu lake la kawaida analifanya kwa kiwango kinachopita kile kinachotarajiwa? La pili ni la jambo gumu: lilipotokea lisilo la kawaida, alifanya nini? La tatu ni la wengine: je, kuna mwenzake aliyejifunza au kurahisishiwa kazi kwa sababu yake? Mpendekezaji anayechagua tukio moja kwa kila swali huonyesha mtu mzima. Anayechagua matatu yote ya swali la pili humwonyesha mtu wa dharura tu, na wajumbe watabaki wakijiuliza siku zake za kawaida zikoje.

Kila tukio liwe na sehemu tatu: hali ilivyokuwa kabla, hatua aliyochukua, na matokeo. Sehemu inayosahaulika zaidi ni ya kwanza. Mpendekezaji husema kwamba mwenzake alipunguza msongamano wa wagonjwa dirishani, lakini hasemi msongamano huo ulikuwaje, na hivyo wasikilizaji hawana cha kulinganisha. Sehemu inayofanywa vibaya zaidi ni ya pili. Neno kama “alijitahidi” au “alisimamia” halionyeshi mkono ukifanya kazi. Hatua ielezwe kwa vitenzi vinavyoonekana: alifungua rejesta, aliandika orodha, alipita ofisi kwa ofisi, alipiga simu, alifundisha.

Juu ya sehemu hizo tatu kuna sharti moja: tukio liwe na uthibitisho. Uthibitisho huo unaweza kuwa karatasi, rejesta, muhtasari wa kikao, au mtu aliyekuwapo. Si lazima utajwe wote katika hotuba, lakini uwepo, kwa sababu mjumbe yeyote ana haki ya kuuliza.

Mfano: msaidizi wa kumbukumbu wa masijala

Ili utaratibu huu uonekane ukifanya kazi, ufuatao ni mfano uliotungwa wa msaidizi wa kumbukumbu katika ofisi ya halmashauri ya wilaya, anayependekezwa na mtumishi mwenzake wa Idara ya Utawala na Usimamizi wa Rasilimali Watu.

Masijala ni mahali barua zote za ofisi zinapopokelewa, kusajiliwa na kuwekwa kwenye majalada. Kila jalada lina namba yake, na kila karatasi ndani ya jalada hupewa namba ya mfuatano. Barua ikiingia huandikwa kwenye rejesta ya barua zinazoingia, huwekwa kwenye jalada linalohusika, na jalada hupelekwa kwa afisa wa kuishughulikia, ambaye huandika dokezo la maelekezo au maoni yake. Jalada likitoka masijala huandikwa limekwenda kwa nani na lini. Mnyororo huu ukikatika mahali pamoja, barua ya mwananchi huonekana imepotea, ingawa mara nyingi imelala tu chini ya majalada mengine mezani kwa mtu.

Kabla ya kuandika lolote, mpendekezaji anakusanya. Anazungumza na maafisa wawili watatu wanaotumia masijala kila siku, anamuuliza msimamizi wa kitengo, na anaomba kuona kumbukumbu zinazohusika. Anaandika kila anachosikia, na mwisho ana mambo manane. Kazi inayofuata ni kuyaacha matano.

Jambo la kuwahi kazini linaachwa, kwa kuwa kuwahi ni wajibu wa kila mtumishi. La upole kwa wageni linaachwa kwa sababu kila aliyeulizwa alilisema, lakini hakuna aliyekumbuka siku wala mgeni. Uchangiaji wake katika misiba ya wenzake ni wema wa kweli, ila tuzo hii ni ya kazi. Kubadilisha majalada yaliyochakaa na kuweka mapya ilikuwa kazi ya kitengo kizima, na kumpa yeye peke yake sifa hiyo kungewaudhi wenzake kwa haki. La kukaa kazini hadi usiku wakati wa ukaguzi lilikuwa na mvuto, lakini wote walikaa.

Yamebaki matatu: orodha ya kila Ijumaa, barua ya mstaafu, na likizo ya Januari. La kwanza linajibu swali la kazi ya kila siku, la pili swali la jambo gumu, na la tatu swali la wengine.

Mpendekezaji hashiki takwimu na kukimbia nazo. Orodha za Ijumaa zinaonyesha kwamba majalada yaliyokaa nje muda mrefu yamepungua kutoka 46 hadi sita. Lakini upungufu huo ungeweza kuwa na sababu nyingine: labda mwaka huu barua zilizoingia ni chache, kwa hiyo na majalada yanayozunguka ni machache. Anaomba msimamizi wa kitengo aangalie rejesta ya barua zinazoingia, na anaambiwa kwamba barua hazikupungua. Sasa ana haki ya kusema kwamba mabadiliko yametokana na kazi. Asingeuliza yeye, angeulizwa na mjumbe mbele ya kikao.

Jambo la mstaafu linahitaji uangalifu wa namna nyingine. Jalada binafsi la mtumishi lina taarifa za maisha yake, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo mpendekezaji halifungui jalada hilo wala hasomi kilichomo. Anazungumza na Afisa Utumishi na mstaafu mwenyewe, anamwomba mstaafu ridhaa tukio lisimuliwe, na hata baada ya kukubaliwa, jina halitajwi.

Hotuba yenyewe

“Ndugu Mwenyekiti, ndugu watumishi wenzangu. Ninampendekeza msaidizi wa kumbukumbu wa masijala yetu awe mfanyakazi bora wa idara mwaka huu. Nitaeleza mambo matatu aliyoyafanya tangu Mei Mosi iliyopita.

“La kwanza wengi wetu tunalijua. Majalada yalikuwa yakikaa mezani kwetu wiki nzima, hata mwezi. Mwananchi akija kufuatilia barua yake, tunaanza kuulizana jalada liko kwa nani. Tangu Julai, kila Ijumaa asubuhi, mwenzetu huyu hufungua rejesta, huandika kwenye karatasi moja majalada yote yaliyotoka zaidi ya siku tano, kisha hupita nayo ofisi kwa ofisi. Ijumaa ya kwanza orodha ilikuwa na majalada 46. Ijumaa iliyopita yalikuwa sita. Karatasi zote amezihifadhi, na mjumbe yeyote anaweza kuziona.

“La pili wachache wanalijua, nami nimeruhusiwa kulisema. Mtumishi mmoja wa halmashauri yetu alikuwa amebakiza miezi sita kustaafu, ikaonekana jalada lake halina barua ya kuthibitishwa kazini. Aliajiriwa wilaya nyingine zaidi ya miaka 30 iliyopita, na barua hiyo haikuja naye alipohamishwa. Mwenzetu alilipitia jalada karatasi kwa karatasi, akakuta barua ya uhamisho iliyotaja kumbukumbu namba ya ile inayotafutwa. Kwa namba hiyo akaandaa barua ya kuomba nakala, Afisa Utumishi akaisaini, na baada ya wiki tatu nakala iliyothibitishwa ikafika. Mstaafu aliwasilisha vielelezo vyake vikiwa kamili. Mwenzetu hakuishia hapo. Aliomba ruhusa ya kukagua majalada ya wote watakaostaafu ndani ya miaka miwili. Walikuwa 14, na wanne kati yao walipungukiwa na barua. Watatu wameshazipata, wa nne bado anashughulikiwa.

“La tatu ni la Januari, alipochukua likizo yake ya siku 28. Huko nyuma, yeye akiondoka, barua zilikuwa zikimsubiri arudi. Safari hii aliandika mwongozo wa kurasa mbili wa kupokea barua, kuisajili, kuiweka kwenye jalada na kulitoa jalada. Kwa wiki mbili alikaa na mwenzetu aliyekuwa amehamia kitengoni hivi karibuni, akimwacha afanye mwenyewe naye akiangalia. Katika siku hizo 28 barua zilisajiliwa siku ile ile zilipofika. Rejesta inaonyesha hivyo.

“Ndugu Mwenyekiti, kwa sababu hizo tatu ninaomba wajumbe wampigie kura. Ahsanteni.”

Jinsi hotuba hiyo ilivyojengwa

Kwa mwendo wa kawaida, hotuba hiyo huchukua dakika tatu hadi nne. Sentensi yake ya kwanza inasema nani anapendekezwa, na kwa tuzo gani. Sentensi inayofuata inaahidi mambo matatu, na muda wake unajulikana: tangu Mei Mosi iliyopita. Muda huo ni wa lazima. Tuzo ya mwaka hutolewa kwa kazi ya mwaka huo, na mema ya miaka kumi iliyopita, hata yawe makubwa namna gani, huwafanya wajumbe washuku kwamba ya mwaka huu hayapo.

Mpangilio wa matukio haukutokea kwa bahati. La kwanza ni lile ambalo kila aliyemo kikaoni amelishuhudia, kwa sababu karatasi ya Ijumaa imefika mezani kwake. Mjumbe anapotikisa kichwa kukubali la kwanza, huwa tayari kumwamini msemaji katika la pili, ambalo hakuliona. Kama hotuba ingeanza na la mstaafu, lililo zito zaidi, wasikilizaji wangelipokea bila msingi wowote wa kulipimia. La tatu limewekwa mwisho kwa kuwa linaeleza kilichobaki baada ya mtu kuondoka: mwongozo upo, na mtu wa pili anaijua kazi.

Uzito wa tukio la pili unatokana na jambo ambalo watumishi wengi wanalifahamu. Umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma kwa ujumla ni miaka 60, na barua ya ajira na ya kuthibitishwa kazini ni miongoni mwa vielelezo vinavyohitajika mtumishi anapodai mafao yake. Tangu mwaka 2018 mafao ya watumishi wa umma yako chini ya mfuko wa PSSSF, ulioundwa kwa kuunganisha mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF. Kielelezo kimoja kikikosekana, mstaafu huanza safari za kwenda na kurudi wakati mshahara umekwisha kukoma. Hotuba haikulieleza hilo, kwa sababu wasikilizaji wake ni watumishi na wanalijua. Kama ingetolewa mbele ya watu wasiojua utaratibu wa mafao, ingehitaji sentensi moja ya kueleza hasara ambayo ingetokea.

Sentensi mbili katika tukio hilo zinafanya kazi kubwa kuliko urefu wake. Ya kwanza inasema kwamba Afisa Utumishi ndiye aliyesaini barua. Mpendekezwa hakufanya kila kitu peke yake, na kumtaja aliyeshiriki kunaondoa malalamiko kabla hayajazaliwa. Ya pili inasema kwamba mtumishi wa nne bado anashughulikiwa. Msemaji angeweza kuliacha hilo, au kusema wote wanne wamepata. Kwa kusema kazi ilipofikia kwa hakika, anawafanya wasikilizaji waziamini hesabu nyingine zote.

Hitimisho ni ombi moja. Halirudii matukio wala haliongezi sifa mpya. Sifa mpya ikiingia mwishoni, kwa mfano kwamba mpendekezwa pia ni mlezi mzuri wa familia, huondoka nayo nguvu ya yote yaliyotangulia, kwa sababu ndiyo inayobaki masikioni mwa wapiga kura.

Makosa yanayoiangusha hotuba

Kosa la kawaida kuliko yote ni sifa isiyo na tukio. Lina kipimo chepesi: jina la mpendekezwa liondolewe katika sentensi, liwekwe la mfanyakazi mwingine yeyote wa ofisi hiyo. Sentensi ikibaki na ukweli ule ule, haina kazi katika hotuba. “Ni mchapakazi anayejituma” inamfaa kila mtu. “Hufungua rejesta kila Ijumaa na kupita ofisi kwa ofisi” inamfaa mmoja.

Kosa la pili ni kuhesabu wajibu kama mafanikio. Mhasibu aliyefunga hesabu kwa wakati, dereva asiyepata ajali na muuguzi aliyefika zamu yake wametimiza walichoajiriwa kukifanya, na wenzao wengi wametimiza vivyo hivyo. Tukio la tuzo huanzia pale wajibu unapoishia, kama vile dereva aliyegundua hitilafu ya gari kwa ukaguzi wake mwenyewe kabla ya safari, akazuia gari lisitoke.

Kosa la tatu ni kutia chumvi. Katika kikao cha watu wanaofanya kazi pamoja kila siku, chumvi hutambulika mara moja. Msemaji akidai kwamba “hakuna tena jalada linalopotea” na mjumbe mmoja anakumbuka lililokosekana wiki iliyopita, hata mambo mengine mawili ya kweli huanza kutiliwa shaka. Kama hakuna kumbukumbu za kuhesabia, ni afadhali kueleza kilichoonekana kuliko kubuni tarakimu. “Siku hizi mtu akiuliza jalada anajibiwa papo hapo liko kwa nani” ni kauli inayojitosheleza, ikiwa wote wameshuhudia.

Kosa la nne ni kumwinua mmoja kwa kuwashusha wengine. Maneno kama “tofauti na wale wanaokaa kusubiri saa tisa na nusu” huchekesha kidogo, kisha humnyima mpendekezwa kura za wote wanaohisi wamelengwa. Hali ya kabla inaweza kuelezwa bila mkosaji. Katika mfano wa masijala, msemaji alisema majalada yalikuwa yakikaa “mezani kwetu”, akijihesabu na yeye.

Kosa la tano ni kuomba huruma au kudai zamu. Hoja huwa kwamba mpendekezwa hajawahi kupata, au anakaribia kustaafu, au kitengo chake kimesahaulika miaka mingi. Hoja za zamu husikika sana maofisini na huonekana za haki, lakini zikishinda, tuzo hugeuka mgawo, na mwaka unaofuata hakuna anayeona sababu ya kuzungumzia kazi. Kama kitengo kimesahaulika, dawa yake ni kuzieleza kazi zake ambazo hazikuwahi kuelezwa.

Kabla ya kikao na ndani ya kikao

Mpendekezwa huombwa idhini kwanza. Wapo wasiopenda kutajwa, na wapo wenye sababu zao za kikazi au za kifamilia za kukataa. Akikubali, hasomewi hotuba yote, lakini huulizwa kama matukio yameelezwa sawasawa, na nani mwingine alishiriki. Mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayesahihisha tarehe au kumtaja mwenzake aliyesahauliwa.

Hotuba husomwa kwa sauti nyumbani huku saa ikitazamwa. Ikizidi muda, kinachopunguzwa ni maelezo ya ndani ya matukio, wala si tukio la tatu kukimbizwa kwa sentensi moja. Katika tukio la mstaafu, kwa mfano, wiki tatu za kusubiri nakala zingeweza kuachwa, lakini namba ya kumbukumbu iliyopatikana kwenye barua ya uhamisho isingeachwa, kwa kuwa hapo ndipo ujuzi wa mtunza kumbukumbu unapoonekana. Asiyejua kazi hiyo angetafuta karatasi. Aijuaye alitafuta namba.

Vikao vingi huhitaji mtu wa pili wa kuunga mkono pendekezo. Mtu huyo asilete matukio yake mapya wala asirudie hotuba. Anayefaa zaidi ni yule aliyeguswa na moja ya matukio matatu, kama Afisa Utumishi aliyesaini barua, ambaye atasema kwa sentensi mbili kwamba alikuwapo na mambo yalikuwa kama yalivyoelezwa. Mjumbe akiuliza swali, mpendekezaji hujibu anachokijua, na asichokijua humwachia mwenye kumbukumbu.

Ugumu wa hotuba hii hauko katika maneno. Uko katika kuyapata matukio, kwa sababu ikifika Aprili watu hukumbuka ya Machi na kusahau ya Julai. Kila kitengo kinachotaka kura yake isimame juu ya haki kiwe na daftari la kuandika, mwezi hadi mwezi, nani alifanya nini na kilibadilisha nini. Mwenye daftari hilo atakuwa na matukio matatu mkononi. Asiyeyapata hata baada ya kulipekua na kuwauliza wenzake asimpendekeze mtu kwa mazoea. Ampigie kura yule ambaye matukio yake yameelezwa na kuthibitishwa.